Slaidi ya mapafu haina gegedu: hii ni bronkasi au bronkioli? Kundi letu limegawanyika

Mgosi_wa_Pangani

Wakuu, habari za jioni. Nasoma udaktari, bado niko kwenye masomo ya tishu. Jumatatu tuna ule mtihani wa kuzunguka vituo: unakuta hadubini imeshawekwa, unaangalia dakika mbili, unaandika, kengele inalia unahama. Kwenye boksi la idara kuna slaidi moja ya mapafu ambayo tangu mchana imetugombanisha.

Nieleze ninachokiona. Katikati kuna mrija mmoja, uwazi wake umekunjamana kama nyota. Ukuta wa ndani una seli ndefu, viini vyake haviko kwenye mstari mmoja, vingine juu vingine chini. Juu yake kuna vinywele. Kati ya seli hizo kuna nyingine nyeupe-nyeupe zilizovimba. Chini kuna msuli laini, lakini umekatika-katika, haujazunguka wote. Nje ya msuli upande mmoja kuna kifungu kidogo cha kitu kama tezi. Pembeni kuna mshipa mkubwa wa damu. Gegedu halipo. Tumezungusha ukuta wote wa mrija, hakuna.

Watatu wanasema bronkioli, yaani ile mirija midogo ya chini, kwa sababu hakuna gegedu. Mimi na mwenzangu mmoja tunahisi ni bronkasi, mirija mikubwa ya juu yake, ila hatuna hoja ya kujitetea. Rangi ni ya kawaida, H&E. Naombeni msaada.

---

Kamanda_Musoma

Dogo, hapo hakuna cha kubishania. Mimi ni tabibu, nimemaliza chuo zamani kidogo lakini hili halijabadilika. Trakea, bomba kuu la hewa, ina gegedu la umbo la C, bronkasi ina vipande vipande vya gegedu, bronkioli haina kabisa. Huoni gegedu, andika bronkioli, hamia kituo kingine.

Na kingine cha kukusaidia: silia, hivyo vinywele, na seli gobleti, zile za kutoa ute, zinaishia palepale gegedu linapoishia, maana vyote ni vifaa vya njia kubwa. Huko chini ni msuli na vifuko vya hewa tu.

---

Fundi_Rangi_Ubungo

Mimi gegedu la koo langu limetokeza sana, tena upande mmoja, ukimeza linapanda. Huwa wananiambia ni la kiume tu. Hiyo slaidi inaonyesha na hilo?

---

Kaseti_ya_Nta

Fundi, hilo unalolisema ni la kwenye zoloto, juu ya trakea. Hapa tunaongelea mirija iliyo ndani ya pafu. Ila ukisema limeegemea upande mmoja na ni jambo jipya, kamwoneshe daktari akupapase shingo, isije ikawa ni tezi ya shingo imevimba.

Mgosi, mimi kazi yangu ni kukata hizo slaidi. Vipande vya mapafu nakata karibu kila wiki, kwa hiyo nisikilize vizuri, na Kamanda naomba usinune.

Kanuni ya "gegedu hakuna, basi bronkioli" inafanya kazi kwenye trakea na bronkasi kubwa, ambako gegedu limezunguka sehemu kubwa ya ukuta. Kwenye trakea una pete 16 hadi 20, zote wazi kwa nyuma, na pale nyuma kuna msuli. Ukikata popote karibu lazima uguse gegedu. Ukiingia ndani ya pafu pete zinavunjika, zinakuwa vipande visivyo na umbo maalumu, na kadiri mrija unavyogawanyika vipande vinakuwa vidogo na vinaachana. Bronkasi ndogo kabisa inaweza kuwa na kipande kimoja hapa na kingine mbele kidogo. Sasa mimi nikikata unene wa maikromita 4 au 5, kisu kinaweza kupita katikati ya vipande viwili. Slaidi inatoka haina gegedu, na mrija ni bronkasi vilevile.

Ndiyo maana swali la kwanza kwenye mrija mdogo siyo gegedu. Angalia mambo mawili. Kwanza tezi. Zile tezi zilizo chini ya msuli zinakwisha karibu pamoja na gegedu. Bronkioli haina tezi ukutani. Ukiona hata kifungu kimoja cha tezi nje ya msuli, umeshatoka kwenye bronkioli. Hakikisha tu ni tezi kweli: utaona vishimo vidogo vya duara, seli zake nyingine zimepauka zenye ute na nyingine zimekolea, viini viko chini.

Pili ni hizo seli ndefu zenye viini vya juu na chini. Hiyo ni epitheliamu, yaani ngozi ya ndani, ya njia kubwa. Kila seli imekanyaga utando wa chini, lakini si zote zinafika juu, ndiyo maana viini vinapishana na mtu anadhani kuna tabaka mbili tatu. Kwenye bronkioli safu inakuwa moja tu, viini vinajipanga, seli zinafupika mpaka mwisho zinakuwa za mraba.

Kwa maelezo yako, mimi naandika bronkasi ndogo.

---

Kamanda_Musoma

Sinuni, lakini kipimo kipo. Bronkioli ni mrija wenye kipenyo cha milimita 1 au chini ya hapo. Dogo, soma namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, kisha upime. Namba hazidanganyi.

---

Mgosi_wa_Pangani

Nimepima kama alivyosema Kamanda. Lenzi ya jicho imeandikwa 10x/18. Nikitumia lenzi ya chini ya 10, upana wa duara ninaloliona ni 18 kugawa kwa 10, yaani milimita 1.8. Mrija wangu ukihesabu na ukuta wake unachukua nusu ya duara. Kwa hiyo ni milimita 0.9. Hapo ni bronkioli kwa kipimo, ni bronkasi kwa tezi. Dada Kaseti, tumekwama tena.

---

Kaseti_ya_Nta

Hesabu yako iko sawa. Tatizo ni kilichompata huyo mrija kabla hajafika kwenye kioo.

Pafu likitolewa mwilini linanywea. Likitumbukizwa kwenye fomalini bila kujazwa kwanza, linakakamaa likiwa limenywea hivyohivyo. Msuli laini unakuwa umejikaza, kwa hiyo ngozi ya ndani inajikunja, ndiyo hiyo nyota uliyoiona. Kisha tunalipitisha kwenye spiriti za kuondoa maji, tunaliingiza kwenye nta ya moto, nalo linazidi kusinyaa. Ile milimita 1 ya vitabuni ni ya pafu lililojaa hewa. Mrija wa 0.9 kwenye slaidi yenye mikunjo mirefu namna hiyo ulikuwa mpana zaidi ulipokuwa ndani ya mtu. Kama unataka kujua ni kiasi gani, fuata mstari wa mikunjo kwa macho ukadirie ungekuwa na urefu gani ukinyooshwa.

Kitu kingine: kama mrija umekatwa mshazari, unaonekana yai. Hapo usipime upande mrefu, pima ule mfupi.

Kipimo ni ushahidi wa tatu au wa nne. Ukikipa nafasi ya kwanza kitakuangusha Jumatatu.

Halafu nikuombe kitu. Rudi kwenye lenzi ya 4, usiangalie mrija wenyewe, angalia tishu iliyouzunguka, nje kabisa ya zile tezi, hata karibu na ule mshipa wa damu. Kipande cha gegedu la bronkasi ndogo huwa kiko mbali na msuli kuliko mwanafunzi anavyotarajia. Nyie mmezungusha ukuta mkiwa kwenye lenzi ya 10, sivyo?

---

Mama_Nasra_Mbagala

Samahanini kuingilia, nimeona mnaongelea mirija ya mapafu. Mwanangu ana miaka sita, ana pumu, usiku kifua kinapiga miluzi. Jirani ameniambia ni kwa sababu gegedu la mapafu ya watoto halijakomaa, nimpe supu ya mifupa likaze. Ndiyo hilo gegedu mnalolisema? Na akikua litakaza mwenyewe?

---

Daktari_wa_Likoni

Mama Nasra, pole kwa usiku wa kukesha. Supu mpe, ni chakula kizuri, lakini haifiki huko kwenye miluzi.

Sehemu kubwa ya shida ya pumu iko kwenye mirija midogo ambayo haina gegedu kwa mtu yeyote, si mtoto si mzee. Hata akifika miaka sitini hatakuwa na gegedu kwenye bronkioli. Ukuta wa mrija huo ni msuli laini uliozunguka, na ndani yake ile ngozi yenye seli. Kwenye bronkasi kubwa msuli ukijikaza, gegedu linazuia mrija usifunge. Kwenye bronkioli hakuna cha kuzuia. Msuli ukijikaza, ngozi inavimba na ute unajaa, basi njia inakuwa uzi.

Na kupungua kidogo kunaumiza sana. Hewa ikipita kwa utulivu kwenye mrija, ukipunguza upana wake nusu, ugumu wa kupitisha hewa haupandi mara mbili. Unapanda mara 16. Hii ndiyo sababu mtoto anaweza kuwa anacheza jioni na saa nane za usiku anakaa kitandani anavuta mabega.

Pampu ya kutuliza haraka inalegeza msuli. Ile ya kila siku, kama ameandikiwa, inashughulikia uvimbe na ule ute. Wazazi wengi wakiona mtoto ametulia wanaacha ya kila siku wanabaki na ya haraka. Kama ndivyo ilivyo kwako, rudi kwa aliyemwandikia mzungumze. Na akifikia hatua ya kushindwa kumaliza sentensi, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au midomo inabadilika rangi, mkimbize hospitali, usisubiri asubuhi.

---

Mama_Nasra_Mbagala

Ahsante daktari. Ya kila siku ameandikiwa, na kweli tuliiacha mwezi wa Ramadhani akiwa mzima. Nitarudi kliniki. Hilo la ute sijalielewa: kama mnasema huko chini seli za ute hazipo, ute unatoka wapi?

---

Kaseti_ya_Nta

Mama, swali lako hilo wanafunzi wetu hawaliulizi.

Nijibu na lile la Kamanda kwa pamoja, maana alisema silia na gobleti zinaishia gegedu linapoishia. Nusu ni kweli. Zinazopungua ni gobleti. Kwenye trakea ziko nyingi, kwenye bronkasi bado zipo, kwenye bronkioli za mwanzo unaokota moja moja, na ukifika bronkioli za mwisho kabisa, zile za kabla vifuko vya hewa havijaanza kuchomoza ukutani, kwa mtu mzima asiyevuta sigara hupaswi kuziona.

Silia haziishii hapo. Zinaendelea mpaka kwenye bronkioli za mwisho, na nyingine zinavuka kidogo kuingia kule vifuko vinakoanza. Utaona seli fupi ya mraba, ina silia zake juu. Mpangilio huo una mantiki: anayezoa anakaa mbali zaidi ya anayemwaga. Kama gobleti zingeshuka chini kuliko silia, ute ungedondokea kwenye vifuko vya hewa na usiwe na wa kuupandisha.

Sasa kwa mtoto mwenye pumu mpaka huo unavurugika. Seli za ukuta wa mirija midogo zinabadilika, zinaanza kutengeneza ute, na gobleti zinaonekana mahali ambapo hazikuwepo. Juu nako zinaongezeka na tezi zinakuwa kubwa, na ule ute unakuwa mzito, silia haziusukumi. Basi, Mama, ute mwingine unatengenezwa palepale chini.

---

Kamanda_Musoma

Sawa, hilo la silia nalipokea. Ila niulize, huko chini ambako gobleti hazipo, kati ya seli za silia kuna nini? Maana nakumbuka kuna seli zilizobinuka.

---

Kaseti_ya_Nta

Kumbukumbu yako ni nzuri. Ni seli klabu. Hazina silia, kichwa chake kimebinuka kuelekea kwenye uwazi kama kuba, zinatokeza juu ya jirani zake. Ulizisoma kwa jina la Clara, bila shaka. Yule Clara alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi na tishu alizotumia kuzieleza mwaka 1937 zilitoka kwa wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo, kwa hiyo majarida makubwa ya mapafu yaliliacha jina hilo kuanzia mwaka 2013. Mitihani mingine bado inaliandika, Mgosi usishangae.

Zinatoa majimaji mepesi, si ute mzito wa gobleti. Zina vimeng'enya vya kuvunja sumu zinazovutwa na hewa. Na ukuta wa bronkioli ukijeruhiwa, ndizo zinazogawanyika na kuzaa seli mpya, zikiwemo zile za silia. Juu kwenye trakea kazi hiyo ya kuzaa inafanywa na zile seli fupi za chini ambazo viini vyake vinakaa karibu na utando.

---

Mchambuzi_Huru

Nasoma tu kwa kupenda, sijasomea afya. Kitu kimoja hakinikai. Kama bronkioli haina gegedu na ni nyembamba hivyo, kwa nini haijifungi kila mtu anapotoa pumzi? Na kwa nini maumbile hayakuendeleza gegedu mpaka chini tukamaliza habari ya pumu?

---

Daktari_wa_Likoni

La kwanza lina jibu zuri. Bronkioli imeshikiliwa kutoka nje. Kila upande imepakana na vifuko vya hewa, na kuta za vifuko hivyo zina nyuzi za kunyumbuka zilizofungamana na ukuta wa bronkioli. Ni kama hema: kitambaa hakina mifupa, kimesimama kwa kamba zilizovutwa pande zote. Ukivuta pumzi pafu linapanuka, nyuzi zinavuta, mrija unafunguka zaidi. Ukitoa pumzi mvuto unapungua, mrija unapungua, lakini kwa mtu mzima wa afya haufungi.

Uone ubaya wake kwa mvutaji wa sigara wa miaka mingi. Moshi ukishakula kuta za vifuko vya hewa, nyuzi zimekwenda nazo. Bronkioli yenyewe inaweza isiwe na shida kubwa, lakini imepoteza washikaji. Akitoa pumzi kwa nguvu mirija inajifunga kabla hewa haijatoka. Ndiyo maana unamkuta mzee anatoa pumzi polepole kwa kubana midomo kama anayepuliza moto. Hakufundishwa na mtu; anabakiza shinikizo ndani ili mirija isifunge.

La pili siwezi kukujibu kwa uhakika wa "kwa nini". Ninachoweza kusema ni kwamba mirija midogo inatakiwa ibadilike upana, inyumbuke na pafu, na ipishane na vifuko vya hewa kwa nafasi ndogo sana. Kutoka trakea hadi bronkioli za mwisho njia imegawanyika mara mbilimbili kama mara 16. Fikiria gegedu kwenye matawi yote hayo, pafu lingekuwa jiwe.

---

Fundi_Rangi_Ubungo

Daktari umenigusa. Mimi navuta tangu ujana na kazi yangu ni kupuliza rangi ya magari. Asubuhi lazima nikohoe makohozi nusu saa ndiyo nianze siku. Hizo silia zangu zimekufa zote? Nikiacha zinarudi?

---

Daktari_wa_Likoni

Fundi, makohozi ya asubuhi yana maelezo. Silia za mtu wa afya zinapiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde, usiku na mchana, zinapandisha ute mpaka kooni unaumeza bila kujua. Moshi unazipunguza na kuzifupisha, na wakati huohuo unazidisha gobleti na kukuza tezi. Ute umeongezeka, wasukumaji wamepungua. Kinachobaki ni kikohozi kifanye kazi ya silia. Sehemu nyingine za ukuta zinabadilika kabisa, seli ndefu zinaondoka na zinakuja seli bapa za tabaka nyingi kama za ngozi ya mdomoni. Hizo zinavumilia moshi lakini hazisukumi chochote.

Ukiacha, seli za chini zikiwa hai zinaweza kuzaa tena seli za silia, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ya ngozi ya ndani hurudi nyuma kwa miezi. Wengine wakiacha wanakohoa zaidi mwanzoni, wanaogopa, wanarudia. Usirudie. Ambacho hakirudi ni vile vifuko vya hewa vilivyoliwa na nyuzi zake. Na rangi ya kupuliza ni jambo jingine kabisa: kuna zinazochochea pumu. Vaa barakoa ya kichujio cha kemikali, si kitambaa. Nenda ukapulize kile kipimo cha pumzi hospitalini, na ukiona damu kwenye makohozi au unapungua uzito nenda upesi.

---

Kaseti_ya_Nta

Niongeze kitu kidogo cha maabara hapo. Zile tezi za bronkasi zinapimika. Lynne Reid mwaka 1960 alichukua unene wa tezi akaugawa kwa umbali wote kutoka utando wa chini wa epitheliamu mpaka mwanzo wa gegedu. Kwa kawaida haivuki 0.4. Kwa mwenye mkamba sugu inapita 0.5, yaani tezi peke yake zimechukua zaidi ya nusu ya ukuta. Ila uwiano huo huwezi kuupima kwenye bronkioli, maana hakuna tezi wala gegedu la kupimia. Mnaona tena jinsi vitu hivyo viwili vinavyokwenda pamoja.

---

Mgosi_wa_Pangani

Wakuu, nimerudi maabara. Dada Kaseti, shikamoo! Lenzi ya 4, nimeacha mrija nikaangalia nje. Upande wa pili wa tezi, karibu kabisa na ukingo wa tishu, kuna kipande kidogo cha gegedu kama mwezi mchanga, rangi ya samawati iliyopauka, na seli zake ndani ya vishimo. Kwenye lenzi ya 10 kilikuwa nje ya duara ndiyo maana hatukukiona. Wale watatu wamekubali.

Lakini tumefungua slaidi ya pili ya boksi hilohilo, imeleta balaa jipya. Mrija ni mdogo, hauna tezi, hauna gegedu hata nje, msuli umezunguka wote, safu ni moja. Bronkioli, tumekubaliana. Shida: kuna seli zilizopauka katikati ya zenye silia, tumehesabu nyingi tu, si moja moja. Pia ndani ya uwazi kuna vipande vya epitheliamu vinaelea. Mwenzangu anasema huyu mtu alikuwa na pumu. Ni kweli?

---

Kaseti_ya_Nta

Marahaba. Hongera kwa gegedu.

Tuanze na vipande vinavyoelea. Hilo lisikutie haraka. Epitheliamu ya njia ya hewa inabanduka mapema baada ya kifo, na hata kwa kushikwashikwa wakati wa kukata. Kama vipande vimebanduka kama ukanda, silia bado zinaonekana vizuri na hakuna seli za uvimbe wala ute uliozizunguka, mimi nasema ni kucheleweshwa kwa tishu. Vikiwa vimekwama ndani ya ute mzito, na humo kuna seli nyingi zenye chembe nyekundu, hapo ndipo nianze kufikiria pumu. Angalia pia kama utando wa chini umekuwa mnene, mstari wa waridi ulionyooka chini ya seli.

Kuhusu zile zilizopauka, hakikisheni kwanza ni gobleti. Kwenye H&E ute unaondoka wakati wa kuandaa, seli inabaki nyeupe yenye povu, kiini kimesukumwa chini. Seli klabu haipauki hivyo, ina rangi ya waridi na kichwa kimetokeza. Panda lenzi ya 40. Seli ya silia ina mstari mwembamba mweusi chini kabisa ya vinywele, pale vinapoota. Isiyokuwa na mstari huo si ya silia.

---

Daktari_wa_Likoni

Mimi ningeelekea kwa mvutaji wa sigara kuliko pumu, kama hakuna seli zenye chembe nyekundu. Gobleti kwenye bronkioli ni kitu cha kawaida kwa wavutaji.

---

Kaseti_ya_Nta

Daktari, au ni bronkioli ya mwanzo tu, moja ya zile kubwa, ambamo gobleti chache si kosa. "Nyingi tu" ni ngapi? Mgosi, hesabu seli 100 za ukutani uniambie ni ngapi zimepauka. Na kitafute kitawi kinachofuata cha mrija huohuo kwenye slaidi. Kama zipo mpaka kwenye kinachoelekea kwenye vifuko, hoja ya daktari inapata nguvu.

---

Kamanda_Musoma

Si wangesoma tu historia ya mgonjwa?

---

Mgosi_wa_Pangani

Kamanda, slaidi za kufundishia zimebandikwa namba tu, tena hii ya pili karatasi yake imefutika. Nimehesabu: kati ya 100, zilizopauka ni 11. Kitawi kinachofuata kimekatwa mshazari, silia naziona, gobleti sina uhakika, nyingine zinaweza kuwa klabu.

Nimemwomba fundi wa maabara yetu kama anaweza kupaka PAS kwenye kipande kingine cha nta hiyo, ute ushike rangi ya zambarau. Anasema kitufe cha nta atakitafuta kesho kwenye kabati, hana uhakika kama bado kipo.

---

Kaseti_ya_Nta

Kikipatikana mwambie akate vipande vitatu vinavyofuatana, si kimoja. Hicho kitawi kilichokatwa mshazari huenda kikanyooka kwenye cha tatu.